Tawi Moja, Majina Manne: Vile Utazuia Jedwali la Chama Lisiwachonganishe

Cheki hii kwanza. Katiba ya Kenya ya 2010, pale mwisho kwa orodha ya kaunti 47, kaunti namba 6 imeandikwa "Taita/Taveta", na kale kamstari kamelala katikati. Ukienda kwa mabango na magazeti unakuta "Taita Taveta". Wengine nao wanapiga "Taita-Taveta". Wewe ukisoma hizo tatu hata hushtuki, unajua ni nyumbani tu, kule milima inakuanga na ukungu asubuhi. Kompyuta haijawahi kufika huko. Kwake hizo ni kaunti tatu tofauti.

Sasa chukua hiyo akili ya kompyuta uiweke kwa jedwali la chama chenu, lile mko nalo kwa Google Sheets, lile linki yake ilitupwa kwa grupu ya WhatsApp na kila msee mwenye simu anaingia kuandika vile anataka. Hapo ndio doo huanza kupotea bila mtu kuiba.

Tufanye mfano, ndio tuende nao hadi mwisho. Tuseme kuna chama cha mazishi cha watu wa Chawia. Wengine wako ocha, wengine wako Voi kikazi, wengine Mombasa na Nairobi. Majirani wa Rong'e, Bura na Mwatate pia wamo. Kukiwa na msiba, kila tawi linachanga, mia tano kila mtu. Mwakilishi wa tawi anaingiza michango kwa jedwali, na siku ya kikao mweka hazina anasoma: tawi hili limetoa hii, tawi lile bado.

Rong'e wamechanga watu watano. Hesabu ya vidole ni 2,500. Kwa jedwali wameandikwa hivi, pamoja na mmoja wa Chawia:

```
     C         D
1    Tawi      Kiasi
2    Rong'e    500
3    Ronge     500
4    Rong’e    500
5    rong'e    500
6    Rong'e    500
7    Chawia    500
```

Mweka hazina anapiga fomula yake, anauliza jedwali: nijumlishie pesa zote za Rong'e.

```
=SUMIF(C2:C7,"Rong'e",D2:D7)
```

Jibu linakuja 1,000. Si 2,500. Kikao kinaambiwa Rong'e wana deni la 1,500, na wao wako hapo na meseji za M-Pesa kwa simu. Hapo sasa wazee wanaanza kuangaliana, na kabla chai iishe mweka hazina ameshaitwa mwizi. Hakuna mtu amekula kitu. Shida iko kwa ile safu ya Tawi.

Angalia mstari mmoja mmoja. Mstari wa 2 uko sawa. Wa 3 umeandikwa bila ile alama ya ng', kwa hivyo ni jina lingine. Wa 4 ndio mjanja zaidi: alama iko, lakini si ile ile. Simu nyingi, iPhone hasa, hukunja hiyo alama zenyewe ukiandika. Unapiga ' iliyonyooka, inageuka ’ iliyopinda. Kwa macho ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti kabisa. Mstari wa 5 umeanza na herufi ndogo, na hiyo haina noma, kwa sababu SUMIF haijali herufi kubwa au ndogo. Ndio maana jibu likawa 1,000 badala ya 500. Mstari wa 6 unaonekana safi kuliko yote, lakini mwandishi aliacha nafasi moja baada ya e. Huioni. Jedwali linaiona.

Kwa hivyo tawi moja limekuwa majina manne. Na kumbuka, hakuna hata mmoja kati ya hao watano amekosea kwa njia ya kuchekwa. Kila mtu aliandika kile simu yake ilimpa. Ukituma sauti kwa grupu ukisema "tafadhali tuandike vizuri", haitasaidia, kwa sababu yule wa mstari wa 4 na yule wa mstari wa 6 wote wanaamini waliandika vizuri. Dawa ni moja: watu wasiandike jina la tawi. Wachague.

Safisha kwanza, weka sheria baadaye

Watu wengi huruka hapa wanaenda moja kwa moja kuweka orodha ya kuchagua. Ukifanya hivyo, makosa ya zamani yanabaki pale pale. Sheria ya kujaza inachunga kile kinaingia kuanzia leo. Haiendi nyuma kurekebisha ya jana. Google Sheets itakuwekea tu kapembe kekundu kwa seli ambayo haifuati sheria, na hapo basi.

Kwa hivyo anza kwa kuuliza jedwali likuonyeshe majina yote liko nayo. Enda kwa seli tupu pembeni, yenye nafasi chini yake, upige:

```
=SORT(UNIQUE(C2:C500))
```

Itakushushia kila toleo la jina mara moja moja, yakiwa yamepangwa. Hii ndio dakika ya kushtuka. Mlidhani mko na matawi matano, unakuta orodha ya kumi na saba.

Halafu toa zile nafasi hazionekani. Chagua safu ya Tawi, uende `Data`, kisha `Data cleanup`, kisha `Trim whitespace`. Hiyo inanyoa nafasi za mwanzo na za mwisho kwa seli zote ulizochagua. Mstari wa 6 umepona.

Zilizobaki zibadilishe kwa `Edit`, kisha `Find and replace`. Tafuta `Ronge`, weka `Rong'e`. Kisha lile lenye alama iliyopinda likopi kutoka kwa seli yenyewe, usiliandike, ndio uwe na uhakika umepata herufi ile ile. Hapa kuna kisanduku kimoja cha kutia alama kabla ubonyeze chochote: `Match entire cell contents`. Maana yake ni kwamba ibadilishe tu seli ambayo yote ni hilo neno. Ukikiacha wazi, na kuna msee alikuwa ameandika "Rong" pekee, ukiambia jedwali ligeuze `Rong` kuwa `Rong'e`, itaingia hata kwa zile zilikuwa sawa. Utapata `Rong'e'e` nchi nzima. Sasa umetoka kwa shida ya majina manne ukaingia kwa ya tano.

Ukimaliza, cheki ile fomula ya UNIQUE tena. Ikibaki na majina ambayo matawi yako nayo kweli, hapo sasa uko rada.

Orodha ikae mahali pake

Fungua karatasi ya pili ndani ya faili hiyo hiyo, kwa ile alama ya kujumlisha chini kushoto. Iite `Orodha`. Ile ya kwanza tuiite `Michango`. Kwa `Orodha`, A1 andika "Tawi", halafu chini yake matawi yenu, moja kwa kila seli: Bura, Chawia, Mwatate, Rong'e, Voi, na kadhalika. Andika polepole. Hii ndio mara ya mwisho mtu anaandika hayo majina kwa mkono.

Sasa rudi `Michango`. Kazi hii ifanye kwa kompyuta hata kama ni ya saiba, kwa sababu kwa skrini ndogo ya simu utasumbuka bure. Chagua kuanzia C2 hadi C500. Enda `Data`, kisha `Data validation`, kisha `Add rule`. Pale `Criteria`, chagua `Dropdown (from a range)`. Kwa kale kanafasi ka chini andika:

```
=Orodha!$A$2:$A$20
```

Matawi yenu ni matano, lakini umefika hadi A20. Hiyo ni makusudi. Seli tupu hazitokei kwa orodha, na kesho mkiongeza tawi la Taveta utaliandika tu kwa `Orodha` na litajitokeza kwa kila mstari bila kugusa sheria tena. Unaweza pia kuchagua `Dropdown` ya kawaida na kuandika majina ndani ya sheria yenyewe. Kwa vitu haviwezi kubadilika, kama "Ndiyo" na "Hapana", hiyo ni fiti. Kwa matawi, hapana. Unataka orodha ambayo kila mtu anaweza kuiona na kuiuliza.

Kabla ubonyeze `Done`, fungua `Advanced options`. Pale kuna swali moja: data ikiwa si halali, jedwali lifanye nini? Chaguo ni mbili. `Show a warning` inaruhusu jina baya liingie, halafu inaweka kale kapembe kekundu. `Reject the input` inakataa kabisa. Tofauti yake ni kama ya mlinzi anayekuangalia tu ukipita na mlinzi anayefunga geti. Kwa safu ambayo pesa zinajumlishwa kwayo, funga geti. Ile ya onyo iache kwa safu kama "Maelezo", mahali mtu anaweza kuwa na sababu ya kuandika kitu kipya.

Hapo hapo kuna `Show help text for a selected cell`. Itie alama na uandike kitu binadamu anaelewa, kwa mfano: "Chagua tawi kwa orodha. Kama halipo, mwambie mweka hazina." Usipoandika kitu, msee akikataliwa ataletewa ujumbe mkavu wa Kiingereza, na ataona ni simu yake imeharibika.

Kwa wale mnatumia Excel, njia ni karibu ile ile: `Data`, `Data Validation`, pale `Allow` uchague `List`, na `Source` uandike mahali orodha iko. Geti lenu linaitwa `Stop`, na liko kwa `Error Alert`.

Pesa ni namba, si stori

Tawi limetulia. Sasa safu ya Kiasi. Hapa kwetu mtu akiandika mia tano anaweza kuandika 500, au 500/=, au "500 bob". Ya kwanza pekee ndio namba. Hizo zingine mbili jedwali linazichukua kama maneno, na ukijumlisha safu kwa SUM, maneno yanahesabiwa kama hakuna kitu. Halilii, halikwambii. Linaruka tu na kuendelea.

Kuna alama ya kukuonyesha bila fomula. Kama hujagusa mpangilio wa seli, namba zinajisukuma upande wa kulia na maneno yanakaa kushoto. Ukiona 500/= imelala kushoto wakati wenzake wako kulia, jua hiyo haijahesabiwa.

Sheria yake: chagua D2 hadi D500, `Add rule`, halafu pale `Criteria` utafute ile ya namba inayosema `Is between`. Weka 50 na 20000, au mipaka ambayo chama chenu kinaijua. Funga geti. Hiyo mipaka inafanya kazi mbili. Inakataa maneno yote, na pia inakataa yule ameongeza sifuri mbili akiwa kwa matatu, mia tano ikawa elfu hamsini. Kama mnataka neno "KSh" lionekane, hilo ni rangi tu, liweke kwa `Format`, kisha `Number`. Namba ndani inabaki namba.

Kuna safu moja zaidi ya pesa inafaa kuchungwa, nayo ni ya kodi ya M-Pesa. Kwa jedwali la pamoja, mchango mmoja unaweza kuandikwa mara mbili: aliyetuma ameingiza, na mwakilishi wa tawi, akiwa hajui, ameingiza pia. Kila muamala wa M-Pesa uko na kodi yake ya herufi na tarakimu kumi, na haijirudii. Tumia hiyo. Tuseme kodi ziko safu ya E. Chagua E2 hadi E500, kwa `Criteria` uchague `Custom formula is`, uandike:

```
=AND(LEN(E2)=10,COUNTIF(E$2:E$500,E2)=1)
```

Sehemu ya kwanza inasema kodi iwe na herufi kumi kamili. Ya pili inasema isiwe imeshaandikwa mahali pengine kwa safu hiyo. Msee wa pili akijaribu kuingiza mchango ule ule, geti linamfungia. Aliyelipa kwa pesa mkononi anaacha seli tupu, na seli tupu haisumbuliwi. Lakini jua kile sheria hii haiwezi. Mtu akiandika herufi O mahali pa sifuri, bado ni herufi kumi na bado haijajirudia, kwa hivyo itapita. Waambie watu wakopi kodi kutoka kwa meseji.

Tarehe ndio inauma kimya kimya

Mkenya akiandika 5/6/2025 anamaanisha tarehe tano mwezi wa sita. Jedwali likiwa limewekwa kwa desturi ya Amerika, linasoma mwezi wa tano tarehe sita. Na hii ndio noma yake: ukiweka sheria ya `Is a valid date`, itaikubali, kwa sababu zote mbili ni tarehe halali. Lakini 13/6/2025 itaikataa, kwa sababu hakuna mwezi wa kumi na tatu. Kwa hivyo wanaolipa kuanzia tarehe 13 wanalia kwamba jedwali limeharibika, na wanaolipa tarehe 1 hadi 12 wanapita wakiwa na mwezi mbaya bila mtu kujua. Ukiona malalamishi yanatoka nusu ya pili ya mwezi pekee, hiyo ndio dalili.

Rekebisha hivi: `File`, `Settings`, pale `Locale` uchague nchi inayoanza na siku kabla ya mwezi, kama `United Kingdom`. Fanya hivyo kabla watu waanze kujaza, kwa sababu tarehe zilizoshaingia vibaya hazitajigeuza. Halafu weka sheria ya tarehe ya `Is between`, kutoka siku msiba ulitangazwa hadi siku ya kikao. Ukiwa na sheria ya tarehe, msee akigonga seli mara mbili kwa kompyuta anafunguliwa kalenda ndogo achague siku. Tena tumerudi pale pale: kuchagua ni salama kuliko kuandika.

Na kama unaona hii ni shida ya chama kidogo cha ocha, cheki wanasayansi. Kuna jeni za binadamu zilikuwa zinaitwa MARCH1 na SEPT1, na Excel ilikuwa inazigeuza kuwa tarehe kila saa. Mwaka wa 2020 kamati inayopeana majina ya jeni ilichoka, ikabadilisha majina yenyewe. Leo zinaitwa MARCHF1 na SEPTIN1. Walishindwa kubadilisha jedwali, wakabadilisha jina la kitu kilicho ndani ya mwili wako.

Mahali geti linavuja

Sheria hizi zinamchunga anayeandika. Yule anayekopi na kupesti ana mlango wake. Kwa Excel, ujumbe wa kukataa hutokea mtu akiandika ndani ya seli mwenyewe, na ukipesti haitokei. Kwa Google Sheets, ukikopi seli kutoka mahali pengine na kupesti kawaida, inakuja na mambo yake yote, pamoja na sheria yake, au ukosefu wa sheria. Unaweza kuona kwa macho: ule mshale mdogo wa kushusha orodha umepotea kwa mistari kadhaa katikati ya safu, na juu na chini bado upo. Hapo mtu alipesti.

Mwenye kupesti afundishwe `Ctrl+Shift+V` badala ya `Ctrl+V`, ambayo inaleta maandishi pekee na kuacha sheria ya seli mahali pake. Na ukikuta sheria imeshapotea, nakili seli moja nzuri, chagua zile zilizoharibika, `Edit`, `Paste special`, `Data validation only`. Inarudisha sheria bila kugusa kilichoandikwa.

Kuvuja kwa pili ni yule anaingia `Orodha` na kujiongezea tawi lake. Funga karatasi hiyo: `Data`, `Protect sheets and ranges`, uchague karatasi ya `Orodha`, na uruhusu mweka hazina na mtu mmoja mwingine pekee. Wawili, si mmoja, kwa sababu simu hupotea.

Pia ujue mkibadilisha jina ndani ya `Orodha`, mistari ya zamani haifuati. Mkisema "Voi" sasa iitwe "Voi Mjini", michango yote ya zamani itabaki "Voi", itapata kapembe kekundu, na jumla ya Voi Mjini itaanza kwa sifuri. Ukibadilisha kwa orodha, badilisha siku hiyo hiyo kwa `Michango` kwa ile `Find and replace`.

Hesabu mbili za kupiga kabla ya kikao

Hata geti zikiwa zimefungwa, usisimame mbele ya watu bila kucheki. Kwa `Orodha`, kando ya kila tawi, weka jumla yake. B2 iwe hivi, halafu uivute chini hadi B20:

```
=SUMIF(Michango!C$2:C$500,A2,Michango!D$2:D$500)
```

Ona kwamba hatujaandika jina ndani ya fomula. Tumesema A2, kwa hivyo jina linatoka mahali pamoja na lile watu walichagua. Sasa piga hesabu ya kwanza:

```
=SUM(Michango!D2:D500)-SUM(B2:B20)
```

Pesa zote, toa pesa za matawi yote. Jibu lazima liwe 0. Ule mfano wetu wa mwanzo ungekuwa umekupa 1,500 hapa, ile ile 1,500 ambayo watu wa Rong'e waliambiwa wanadaiwa. Ingekuwa imeonekana jioni kabla ya kikao, na si mbele ya wazee.

Hesabu ya pili inashika zile 500/= ambazo ya kwanza haizioni, kwa sababu pande zote mbili zimeziruka:

```
=COUNTA(Michango!D2:D500)-COUNT(Michango!D2:D500)
```

Seli zilizo na kitu, toa seli zilizo na namba. Ikikupa 3, kuna seli tatu zina maneno mahali pa pesa. Zitafute kule kushoto.

Kuna kosa hizi zote haziwezi kushika: msee wa Bura ambaye kidole kimeteleza akachagua Chawia. Chawia ni jina halali, pesa ni namba halali, jumla inalingana. Jedwali linajua kama kitu kinaruhusiwa, halijui kama ni kweli. Hapo hakuna fomula. Ni kutuma picha ya jumla za matawi kwa grupu siku moja kabla ya kikao, na kila tawi lihesabu watu wake. Bura wakisema "sisi ni wanane, mbona tuko na 3,500", mnajua mstari mmoja umekaa kwa jirani, na mnautafuta mkiwa bado mnaongea vizuri.